Shilingi 58 isiyobadilika au 48 inayopanda? Hesabu ya mkataba wa gridi ndogo

Alasiri moja mweka hazina wa ushirika wa wavuvi, mwalimu mstaafu, aliketi mbele ya meza yangu katika ofisi ndogo karibu na Barabara ya Ngong, akafungua daftari la mistari na kuligeuza ili nilisome. Alikuwa amesafiri usiku kucha kwa basi kutoka Lodwar, na begi lake lilikuwa bado miguuni. Ukurasa ulikuwa na safu mbili za tarakimu. Kushoto aliandika 58 mara kumi na tano. Kulia alianza na 48, akapandisha asilimia 4 kila mwaka mpaka akafika 83 na senti 12. Chini ya safu ya kulia alikuwa amepiga mstari mara tatu, hadi kalamu ikatoboa karatasi.

"Hawa watu wanataka kutula milioni tisa," akasema.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Ushirika una mashine ya barafu na chumba baridi ufuoni mwa Ziwa Turkana, na kwa miaka mingi umekuwa ukivilisha dizeli. Mwekezaji mmoja wa hapa Nairobi alijitolea kuwajengea gridi ndogo ya sola ya kilowati 80, yenye betri na waya hadi kwenye mashine. Baada ya ruzuku, gharama iliyombaki mfukoni mwake ni shilingi milioni 24. Ushirika nao unaahidi kununua yuniti 100,000 kila mwaka kwa miaka 15, na zisipotumika zitalipwa vilevile. (Tarakimu nimezisawazisha kidogo ili msomaji azifuate bila shida, lakini umbo lake ni lile lile lililokuwa mezani.) Mwekezaji alileta bei mbili na kusema chagueni: shilingi 58 kwa yuniti bila kubadilika hadi mwisho, au shilingi 48 mwaka wa kwanza na ongezeko la asilimia 4 kila mwaka.

Hesabu ya Mwalimu haikuwa na kosa la kujumlisha. Ukichukua 58 kwa yuniti 100,000 kwa miaka 15, unapata milioni 87. Ile inayopanda inafika milioni 96.1. Tofauti ni milioni 9.1, kama alivyosema. Kosa lilikuwa katika kujumlisha kwenyewe. Alichukua shilingi ya mwaka ujao na shilingi ya mwaka wa 15 akaziweka katika kapu moja, kana kwamba zina uzito mmoja.

Nilimwomba penseli, nikaongeza safu ya tatu. Mwekezaji huyu fedha zake zinamgharimu asilimia 14 kwa mwaka, ukichanganya mkopo wa benki na mtaji wa wenye hisa. Kwake yeye shilingi 100 atakazolipwa mwakani zina thamani ya shilingi 87 na senti 72 leo. Za mwaka wa 5 ni kama shilingi 52. Za mwaka wa 15 ni shilingi 14. Ile bei ya 83 iliyomtia Mwalimu hofu, ukiileta leo kwa kiwango hicho, haifiki shilingi 12. Kila malipo ya kila mwaka unayarudisha leo namna hiyo, ndipo unayajumlisha. Hiyo ndiyo thamani ya sasa, na kwenye kompyuta ni mstari mmoja tu:

```
=NPV(0.14, B2:B16)
```

Tulipomaliza, bei isiyobadilika ilileta milioni 35.62, na inayopanda milioni 35.89. Zile milioni tisa zilikuwa zimenywea hadi shilingi 265,000 hivi. Mwalimu alirudia hesabu ya mwaka wa 7 na wa 11 kwa kikokotoo chake mwenyewe, pole pole, kisha akanyamaza kwa muda.

Sababu iko wazi ukizitazama safu mbili kwa pamoja. Bei inayopanda huipita 58 katika mwaka wa 6. Katika miaka mitano ya mwanzo ushirika unalipa pungufu kwa milioni 3 hivi, na miaka kumi inayofuata unalipa zaidi kwa milioni 12.1. Hizo milioni 3 ni za karibu na zina uzito. Hizo 12 zimetawanyika hadi mbali.

Hapo wachambuzi wengi husimama na kusema bei zote mbili ni sawa, achague mtu apendayo. Mimi sikubali, kwa sababu asilimia 14 ni ya mwekezaji. Ushirika una yake. Nilimuuliza Mwalimu: ukipata milioni moja ya ziada mwaka huu utaifanyia nini? Akajibu bila kusita: nyavu na injini mbili za mashua, na zitajilipa kabla ya miaka mitano. Mtu mwenye matumizi ya namna hiyo, na asiyepata mkopo kwa urahisi, kiwango chake cha kupunguzia fedha za mbele kiko juu zaidi ya cha mwekezaji. Tukitumia asilimia 18, mkataba wa bei isiyobadilika unaugharimu ushirika milioni 29.53 kwa thamani ya leo, na ule unaopanda milioni 29.13. Yaani ule aliouona kuwa ni wizi ndio ulio nafuu kwake kwa shilingi 400,000. Tukishuka hadi asilimia 10 mambo yanageuka, na unaopanda unakuwa ghali kwa milioni 1.4. Kivuko kiko kwenye asilimia 15.3 hivi. Juu ya hapo mnunuzi anafaidika na bei inayopanda, chini yake anaumia.

Nimeona watu wakichukua kiwango hiki kutoka kwenye mkataba wa zamani bila kuangalia tarehe. Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu iliyompa mnunuzi asilimia 18.46, bila kodi. Aliyekuwa na fedha siku zile hakuwa na haja ya kuzifukia kwenye sola huko Turkana kwa asilimia 14. Agosti mwaka huo huo Benki Kuu ilianza kushusha riba yake kutoka asilimia 13, na hesabu zikabadilika tena. Mkataba uliopimwa mwezi mmoja kwa kiwango cha mwezi mwingine haujapimwa.

Basi hadi hapo tulikuwa na jambo zuri: mwekezaji kwa asilimia 14 anapendelea bei inayopanda, na mnunuzi kwa asilimia 18 anaipendelea vilevile. Kama mambo yangeishia hapo ningewaambia watie sahihi. Lakini bei ni upande mmoja tu wa mtiririko wa fedha, na nilipoingiza gharama ndipo nilipoanza kuusoma mkataba neno kwa neno.

Gharama za huyu mwekezaji ziko tatu. Kuna milioni 24 za ujenzi, zinazotoka siku ya kwanza. Kuna uendeshaji: fundi wa kudumu, mlinzi, usafiri, vipuri, bima na laini za data za mita, vyote shilingi milioni 1.2 mwaka wa kwanza na vikipanda na mfumuko wa bei, ambao tuliuweka asilimia 6. Kisha kuna betri, zinazobadilishwa mwaka wa 10 kwa milioni 5. Kwa thamani ya leo, uendeshaji wa miaka 15 ni milioni 9.96 na betri ni milioni 1.35. Jumla ya gharama zote ni milioni 35.31. Toa hiyo kwenye mapato: bei isiyobadilika inambakishia mwekezaji shilingi 312,000, na inayopanda shilingi 577,000. Hizo ni juu ya ile asilimia 14 yake, kwa hiyo hapati hasara. Lakini tazama jinsi upana ulivyo mdogo kwenye mradi wa milioni 24.

Sasa soma kipengele cha 6 cha rasimu, nakitoa hapa kama kilivyokuwa: "Bei itaongezeka kwa asilimia nne kila mwaka." Maneno saba. Asilimia nne ya nini? Kama ni ya bei ya mwaka uliotangulia, ongezeko linajizalia lenyewe na mwaka wa 15 bei ni 83.12. Kama ni asilimia nne ya bei ya mwanzo, basi kila mwaka inaongezeka shilingi 1 na senti 92 tu, na mwaka wa 15 bei ni 74.88. Mwekezaji alisoma kwa njia ya kwanza, na Mwalimu pia alikuwa ameandika daftari lake kwa njia hiyo. Wakili wa ushirika, tulipompigia simu, alisoma kwa njia ya pili na hakuona shaka yoyote. Kwa usomaji wake thamani ya sasa ya mapato inashuka hadi milioni 35.02, na mwekezaji aliyekuwa na faida ya 577,000 anaingia hasara ya 288,000. Hakuna jua lililopungua wala betri iliyokufa. Ni maneno "ya bei ya mwaka uliotangulia" ambayo hayakuandikwa.

Swali linalofuatana na hilo ni mwaka huanza kuhesabiwa lini. Mikataba mingine inahesabu kutoka siku ya kutia sahihi, mingine kutoka siku umeme unapoanza kutoka. Ujenzi ukichelewa mwaka mmoja na nusu kwa sababu kontena limekwama Mombasa au kibali hakijatoka, mnunuzi anaweza kuanza kulipa akiwa tayari amepandishiwa bei mara moja kwa umeme ambao hajauona. Katika mkataba huu hapakuwa na neno lolote juu ya hilo.

Nina sababu ya kuwa mkali juu ya gharama zinazopanda. Miaka ya nyuma, kwenye kampuni niliyofanyia kazi, nilipeleka mbele ya wakubwa hesabu ya gridi ndogo iliyoonyesha faida nono. Nilikuwa nimeweka uendeshaji kwa bei za mwaka ule, bila kuupandisha, halafu nikaupunguza kwa riba ya benki ambayo tayari ndani yake ina mfumuko wa bei. Nilikuwa nimechanganya shilingi za aina mbili. Kwa mfano wetu huu, kosa hilo peke yake linaufanya uendeshaji uonekane milioni 7.37 badala ya 9.96, na bei ya 58 isiyobadilika inaonekana kuleta faida ya milioni 2.9 badala ya laki tatu na kitu. Kampuni ilijenga. Mwaka wa nne fundi alipoomba nyongeza ya mshahara ambayo kila fundi wa kaunti ile alikuwa ameshaipata, hapakuwa na pa kuitoa. Tangu hapo nikipokea jedwali la mtu mwingine, safu ya uendeshaji ndiyo ninayoifungua kwanza. Kama namba ya mwaka wa 1 na ya mwaka wa 15 ni moja, na riba iliyotumika ni ya benki, huwa sisomi zaidi.

Turudi kwa benki, maana ndiyo ilikuwa karibu kuuvunja mpango wote. Mwekezaji angekopa milioni 16.8, yaani asilimia 70 ya ujenzi, kwa riba ya asilimia 14 na kulipa kwa miaka saba. Malipo ni milioni 3.92 kila mwaka. Kwa bei ya 58, mwaka wa kwanza anaingiza milioni 5.8, anatoa 1.2 za uendeshaji, anabaki na 4.6, na mkopo unalipika kukiwa na akiba kidogo. Kwa bei inayoanzia 48, anabaki na milioni 3.6. Mkopo haulipiki. Mwaka wa pili ana 3.72, bado. Mwaka wa tatu 3.84, bado. Mwaka wa nne ndipo anapovuka. Katika miaka hiyo mitatu atahitaji kuongeza jumla ya kama shilingi 590,000 kutoka kwingine, na katika hali hiyo afisa wa mikopo hatii sahihi.

Hili ndilo jambo ambalo thamani ya sasa haikuonyeshi. Bei inayopanda ilishinda kwenye mizani ya miaka 15, lakini inakufa kwenye mwaka wa kwanza. Na bei isiyobadilika inayopita mwaka wa kwanza kifua mbele inachoka baadaye: ikifika mwaka wa 15 uendeshaji umekula milioni 2.7 kati ya zile 5.8, na mwaka wa 10, wa betri, inapungukiwa milioni 1.2. Mwekezaji ambaye mkopo wake ulishalipwa mwaka wa 7, na ambaye kila mwaka anabakiwa na kidogo kuliko mwaka uliopita, atakuwa na hamu gani ya kununua betri mpya? Hapo ndipo unapokuta mitambo iliyokufa vijijini, paneli zikiwa nzima kabisa juu ya paa na chumba cha betri kimefungwa kufuli.

Kwa maoni yangu kosa la bei zote mbili ni moja: zinaichukulia bei ya yuniti kama kitu kimoja. Siyo kitu kimoja. Sehemu kubwa yake inalipia milioni 24 ambazo zilishatumika. Paneli iliyofungwa mwaka wa kwanza haipandi bei mwaka wa nane, na deni lake ni lile lile. Sehemu ndogo inalipia fundi, mlinzi na mafuta ya pikipiki, na hiyo ndiyo inayopanda. Kuipandisha bei nzima ni kumlipisha mvuvi mfumuko wa bei juu ya kitu kisichofumuka. Kuizuia bei nzima ni kumnyima fundi mshahara. Wazo hili si langu. Sera ya Kenya ya mwaka 2012 ya bei maalum za kununua umeme jadidifu iliruhusu sehemu fulani tu ya bei ipande, nyingine ibaki palepale. Ajabu ni kwamba mikataba midogo ya watu binafsi huisahau hekima hiyo.

Kwa hiyo nilichora bei ya tatu. Shilingi 42 kwa yuniti, zisizobadilika kwa miaka 15, ni za ujenzi na betri. Shilingi 12, zinazopanda na mfumuko wa bei unaotangazwa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, ni za uendeshaji. Mwaka wa kwanza mvuvi analipa 54. Mfumuko ukikaa asilimia 6, mwaka wa 15 analipa 69. Kwa asilimia 14 mapato yana thamani ya milioni 35.76, na mwekezaji anabakiwa na 449,000, katikati ya zile bei mbili. Lakini umbo la fedha ni jingine kabisa. Kila mwaka, wa 1 na wa 15, baada ya uendeshaji anabaki na milioni 4.2 zile zile, na mkopo unalipika tangu mwaka wa kwanza. Akiba ni nyembamba, nakubali, kwa hiyo tulipendekeza mkopo upungue kidogo.

Mwekezaji alipinga. Alisema asilimia 4 inayojulikana ni bora kuliko takwimu zisizojulikana, na benki inapenda kinachojulikana. Ni hoja ya kweli, nami niliipima. Oktoba 2022 mfumuko wa bei Kenya ulikuwa asilimia 9.6. Oktoba 2024 ulikuwa 2.7. Hiyo ni miaka miwili tu, na mkataba ni wa miaka 15. Tuseme mfumuko unakaa asilimia 9. Uendeshaji kwa thamani ya leo unapanda kutoka milioni 9.96 hadi 11.75. Bei ya 58 inaingia hasara ya milioni 1.48. Ile inayopanda asilimia 4 inaingia hasara ya milioni 1.21, kwa sababu ongezeko lililoandikwa halijui kilichotokea sokoni. Bei iliyogawanywa inabaki na 449,000 zake. Na mfumuko ukishuka, anayefaidika ni mvuvi, badala ya kuendelea kupandishiwa asilimia 4 katika mwaka ambao hata unga haujapanda. Asilimia 4 inajulikana, ndiyo, lakini kinachojulikana ni upande wa mapato peke yake. Anachohitaji benki kukijua ni kinachobaki.

Mwalimu naye alikuwa na woga wake, na ulikuwa wa haki: itakuwaje mfumuko ukiruka hadi asilimia 20, nasi samaki wetu wananunuliwa kwa bei ile ile na dalali? Tukaweka dari. Sehemu ile ya shilingi 12 isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka mmoja, na kinachozidi kisogezwe mwaka unaofuata. Dari hiyo inagusa shilingi 12 kati ya 54, kwa hiyo mwaka mbaya kabisa unamwongezea mvuvi shilingi 1 na senti 20 mwanzoni mwa mkataba. Alipoona hivyo aliiandika mwenyewe kwenye daftari.

Kilichobaki, na ambacho bado hakijaisha ninapoandika, ni kipengele cha kuvunjika kwa mkataba gridi ya taifa ikifika. Wawekezaji wengi hukipita haraka kwa sababu wanaona Turkana ni mbali. Lakini nguzo husogea, na siku zikifika ufuoni, mnunuzi atakayekuwa akilipa shilingi 60 na kitu kwa yuniti atatazama bili ya jirani aliyeunganishwa na Kenya Power na kuuliza maswali. Rasimu ilisema hivi: gharama ya ujenzi itapungua kwa sehemu moja ya kumi na tano kila mwaka, na mwekezaji atalipwa iliyobaki. Mkataba ukivunjwa mwisho wa mwaka wa 8, analipwa milioni 11.2.

Inaonekana ni haki mpaka uulize amepoteza nini. Kwa bei isiyobadilika, fedha halisi ambazo angezipata katika miaka saba iliyobaki, baada ya uendeshaji na betri, zina thamani ya milioni 11.5 siku hiyo. Karibu sawa na anacholipwa. Kwa bei inayopanda asilimia 4 ni milioni 17.8, kwa sababu ongezeko lilikuwa limehamisha mapato yake kuyapeleka mwishoni. Alikubali kulipwa kidogo mapema ili alipwe zaidi baadaye, na baadaye imekatwa. Anapungukiwa milioni 6.6, na mradi wote, ukiurudisha siku ya kwanza, ni hasara ya milioni 1.7. Kwa bei iliyogawanywa anachopoteza ni milioni 14.2, kwa hiyo hata huko fomula ya sehemu moja ya kumi na tano haimtoshi. Kila bei ina ratiba yake ya fidia, na ratiba hiyo inapaswa kutoka kwenye hesabu ile ile iliyozaa bei. Ukichukua bei huku na fidia kule, umeandika mikataba miwili.

Nilipendekeza jedwali liambatishwe kwenye mkataba: mwaka wa 1 hadi wa 15, kila mwaka na kiasi chake, kwa bei ya 42 na asilimia 14, betri zikiwa zimehesabiwa. Mnunuzi asilazimike kukokotoa chochote siku ya ugomvi, asome mstari tu. Mwalimu aliuliza nani atailipa milioni 14, kwa maana ushirika hauna. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Ushirika hauwezi, na hauna sababu, kulipa kwa uamuzi wa nguzo ambao si wake. Atakayelipa lazima awe yule anayeleta gridi, au mtambo wenyewe uruhusiwe kuiuzia gridi hiyo umeme kwa bei mpya, na hilo haliamuliwi mezani kwangu. Sheria ya Nishati ya 2019 inaipa Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, kazi ya kuidhinisha mikataba ya kununua umeme na bei zake, na huko ndiko swali hili lilikopelekwa pamoja na bei mpya.

Mwalimu alifunga daftari karibu saa kumi na mbili, matatu za jioni zikiwa zimeshaanza kupiga honi barabarani. Kabla hajasimama alirudi kwenye kipengele cha 6, akafuta yale maneno saba kwa rula, na juu yake akaandika kwa mkono wa darasani, herufi kubwa na wazi: "Shilingi 42 hazitabadilika. Shilingi 12 zitapanda kila mwaka, kuanzia mwaka mmoja baada ya siku umeme wa kwanza kutoka, juu ya kiasi cha mwaka uliotangulia, kwa mfumuko wa bei wa KNBS, na si zaidi ya asilimia 10." Akaniuliza kama kuna neno lolote hapo linaloweza kusomwa kwa njia mbili. Tukalisoma tena. Kulikuwa na moja: mfumuko wa mwezi gani? Akaongeza, "wa Desemba iliyotangulia."